Kichujio kilichofaulu majaribioni kikafeli kwenye barua halisi: dalili na sababu zake

Niliwahi kuandika kichujio kifupi sana kwenye Gmail. Kila barua yenye neno "ankara" ipewe lebo ya Ankara, iruke kikasha, na ihesabiwe kuwa imeshasomwa. Nilijiona mjanja. Siku tisa baadaye mwenzangu wa hesabu akanipigia simu kuuliza mbona kimya. Alikuwa ameniandikia: "Ile ankara ya mwezi uliopita ina kosa, usilipe mpaka tuzungumze." Nilikuwa nimeshalipa. Barua yake ilikuwa imelala kwenye lebo, imesomwa na kichujio kabla sijaiona mimi.

Tangu hapo sheria mpya naipitisha kwanza kwenye akaunti ya akiba, akaunti tupu ya Gmail ambayo hakuna mtu anayeniandikia huko. Tatizo ni kwamba akaunti ya akiba nayo hudanganya. Mara kichujio kizuri kinaonekana kibovu, mara kibovu kinapita bila doa. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: barua ya mfano haifanani na barua halisi pale kichujio kinapoangalia. Hapa chini nimepanga dalili nilizokutana nazo, na jinsi ya kujua kila moja imetoka wapi.

Tunachojaribu

Nitatumia kichujio kimoja mwanzo hadi mwisho. Masharti yake ni haya, na anwani ni za mfano tu:

```
from:(hesabu@example.com OR malipo@example.org) subject:ankara has:attachment
```

Yaani: barua itoke kwa mmoja wa wauzaji wawili, iwe na neno ankara kwenye mada, na iwe na kiambatisho. Ikitimiza yote matatu, ipewe lebo ya Ankara na iruke kikasha. Vichujio vya Gmail hutengenezwa kwenye kivinjari cha kompyuta. Usivitafute kwenye programu ya simu.

Barua zangu za mfano ni sita. Ya kwanza ni ankara ya kawaida yenye PDF kutoka kwa muuzaji wa kwanza. Ya pili ni ankara ya muuzaji wa pili, ambaye haambatishi kitu, anaweka kiungo cha kupakulia. Ya tatu ni jibu la mwenzangu lenye mada ya "Re: Ankara", likiwa limebeba maneno ya muuzaji chini yake. Ya nne ni kumbusho la malipo lisilotaja ankara kwenye mada. Ya tano ni ankara iliyosahihishwa. Ya sita ni tangazo la punguzo la bei kutoka kwa muuzaji yuleyule, lenye orodha ya bidhaa iliyoambatishwa.

Kabla ya kutuma chochote, andika kwenye karatasi kila barua unataka iishie wapi. Ukisubiri uone matokeo kwanza, utajikuta unayakubali hata yasiyofaa. Mimi nilipoandika tu matarajio yangu niligundua kwamba barua ya pili sikuwa nimeifikiria kabisa: nilitaka iingie kwenye lebo, na sharti la kiambatisho lingeizuia. Kosa hilo lilionekana kabla hata sijafungua kompyuta.

Ndani ya kila barua ya mfano unayoiandika mwenyewe weka neno la ajabu lisiloweza kutokea kwingine, kama `zqtwiga` kwa ya kwanza, `zqpunda` kwa ya pili na `zqchui` kwa ya tatu. Faida yake itaonekana barua itakapopotea.

Dalili: hakuna barua hata moja iliyopewa lebo

Umetuma zote sita, zimefika, zimejipanga kwenye kikasha kana kwamba kichujio hakipo. Watu wengi hukimbilia kubadili maneno ya kichujio. Subiri kwanza. Uliza barua hizo zilifikaje kwenye akaunti ya akiba.

Kama ulizisambaza kutoka akaunti yako halisi, jibu liko hapo. Barua iliyosambazwa si ileile ya mwanzo. Gmail huandika barua mpya ambayo mtumaji wake ni wewe, na ile ya muuzaji inawekwa ndani yake kama maandishi ya kawaida. Kwa macho yako unaona jina la muuzaji pale katikati. Kichujio kinaona anwani yako. Kuisambaza kama kiambatisho hakuokoi kitu, kwa sababu barua inayofika bado ni yako, na ya muuzaji imo ndani kama faili.

Kuthibitisha ni rahisi. Fungua barua ya mfano kwenye akaunti ya akiba, bonyeza vidoti vitatu, chagua `Show original`, kisha tafuta mstari unaoanza na `From:`. Ukikuta anwani yako, kichujio hakina kosa. Kimekataa kwa haki.

Dawa iko katika sehemu mbili, na zote zinahitajika.

Sehemu ya kwanza ni kupata nakala halisi isiyobadilishwa. Njia nyepesi ninayoijua ni Thunderbird, programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta. Ingiza akaunti zote mbili humo, ya kweli na ya akiba, kisha bofya kulia kwenye barua halisi, chagua `Copy To`, na uelekeze kwenye kikasha cha akaunti ya akiba. Soma vizuri kabla ya kubonyeza, maana `Move To` iko jirani na itaihamisha barua yenyewe. Nakala iliyopita njia hii hubaki na mtumaji wake, mpokeaji wake, tarehe yake na kila mstari uliofichika kichwani mwa barua. Kwa sababu hiyohiyo usinakili barua zenye siri za watu. Akaunti ya majaribio mara nyingi ndiyo yenye nywila dhaifu kuliko zote.

Ila nakala hiyo ina upungufu wake. Kichujio cha Gmail hukaa mlangoni: hukagua barua inapoingia kwa njia ya kawaida ya kupokelewa. Nakala ya Thunderbird inapitishwa dirishani kwa IMAP, njia ambayo programu za barua hutumia kufikia kikasha, kwa hiyo kichujio hakiamki. Usingoje lebo itokee yenyewe. Chukua masharti ya kichujio, yabandike kwenye sehemu ya kutafutia ya akaunti ya akiba, na uangalie zipi zinatokea. Masharti ya kichujio cha Gmail ni utafutaji, hakuna zaidi. Kama utafutaji unaleta barua ya kwanza na ya tano na kuziacha nyingine, basi sharti la mtumaji, mada na kiambatisho vyote vinasoma sawa kwenye barua halisi.

Sehemu ya pili ni kujaribu mlango wenyewe. Hapa andika barua mpya kutoka akaunti yako kwenda ya akiba, na kwenye kichujio cha majaribio weka anwani yako mahali pa anwani za wauzaji. Unachopima sasa ni kama kichujio kinaamka barua inapofika, na kama vitendo vinafanyika: lebo inabandikwa, kikasha kinarukwa. Sehemu ya kwanza imepima masharti, ya pili inapima vitendo. Ukifanya moja tu, nusu ya kichujio haijajaribiwa.

Kuna anayeshawishika kughushi anwani ya muuzaji ili barua ionekane imetoka kwake. Usijisumbue. Seva za leo hukagua kama aliyetuma ana haki ya kutumia jina lile, na barua ya kughushi huishia kukataliwa au kwenye taka. Matokeo yake hayakufundishi lolote kuhusu kichujio.

Dalili: ukitafuta inapatikana, lakini kichujio hakiishiki inapoingia

Hii ni kinyume cha iliyotangulia na inachanganya zaidi, hasa baada ya mimi kusema kwamba kichujio ni utafutaji.

Yako masharti ambayo yana maana kwa barua iliyokwisha kukaa ndani, na hayana maana kwa barua iliyo mlangoni. `is:unread`, `in:inbox`, `label:kazi`, zote zinauliza hali ambayo barua inayoingia bado haijapewa. Gmail yenyewe hutoa onyo unapotengeneza kichujio chenye maneno `label:`, `in:` au `is:`, kwamba hakitalingana na barua zinazoingia. Onyo hilo hutokea kwenye kisanduku kidogo ambacho mkono umezoea kukifunga bila kusoma. Mimi nilikifunga mara mbili.

Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi: barua ilifika kabla ya kichujio. Kichujio hakirudi nyuma chenyewe. Ukitaka kiguse zilizopo, weka alama kwenye `Also apply filter to matching conversations` unapokitengeneza. Kwenye akaunti ya akiba tumia kisanduku hicho upendavyo. Kwenye akaunti halisi kiache mpaka mwisho kabisa, kwa sababu kinaweza kuhamisha barua za miaka kwa mbofyo mmoja.

Dalili: baadhi zinashikwa, nyingine zinaachwa, na huoni tofauti

Hapa ndipo lugha yetu inapokutana na mashine iliyotengenezwa kwa lugha nyingine. Utafutaji wa Gmail unalinganisha neno zima. Hauangalii kipande cha neno, na hakuna nyota ya kuweka mwishoni ili ukamate mengine yote. Kiswahili kinabadilisha maneno kwa mbele na kwa nyuma: lipa, tulipe, imelipwa, umelipwa, malipo, mlipaji. Sisi tunaona ukoo mmoja, utafutaji unaona wageni sita.

Kwa hiyo kichujio chenye `subject:lipa` kitaacha barua yenye mada "Huduma yako imelipwa", na kitaacha "Malipo yamepokelewa". Ukijaribu kwa barua ya mfano uliyoiandika mwenyewe, kitapita kila mara, maana uliyeandika kichujio ndiye uliyeandika barua, na mkono wako umetumia umbo lilelile la neno pande zote mbili. Ndiyo maana mada za mfano haziandikwi kutoka kichwani. Fungua akaunti halisi, tafuta barua za muuzaji huyo za miezi kadhaa, na unakili mada zake kama zilivyo, herufi kwa herufi.

Nilipofanya hivyo kwa muuzaji wa pili nilikuta anatumia mada tatu kwa kitu kimoja: "Ankara", "Hati ya madai" na "Taarifa ya malipo". Sharti la mada likawa hivi:

```
subject:(ankara OR "hati ya madai" OR "taarifa ya malipo")
```

Alama za kunukuu hufanya maneno yatafutwe yakiwa pamoja kwa mpangilio huo. `OR` lazima iwe kwa herufi kubwa. Ukiandika `or` kwa herufi ndogo, Gmail italichukua kama neno la kutafutwa, kichujio kitataka liwemo kwenye mada, na hakitakamata kitu. Mabano ya mraba na alama ya nyota navyo havihesabiwi: `[ANKARA]` na `ankara` kwake ni kitu kimoja. Herufi kubwa na ndogo kwenye maneno mengine hazina tofauti.

Barua ya pili, ile ya kiungo, iliendelea kuachwa, na nilijua kwa nini. Ningeweza kuondoa sharti la kiambatisho. Lakini sharti hilo lilikuwa likizuia kumbusho na maswali ya muuzaji yasizame kwenye lebo. Nikagawa kazi: kichujio kimoja kwa muuzaji wa kwanza chenye `filename:pdf` badala ya `has:attachment`, na kingine kwa wa pili kisicho na sharti la kiambatisho ila chenye mada zake tatu. `has:attachment` haiulizi kiambatisho ni cha aina gani, na ankara zake zote huja kwa PDF, basi sharti jembamba ni salama zaidi. Vichujio viwili vifupi ni rahisi kuvikagua kuliko kimoja kirefu chenye mabano ndani ya mabano.

Dalili: kimekamata kisichokihusu

Hili ndilo lililonigharimu malipo yale. Sehemu ya `Has the words` hutafuta kwenye barua nzima, si kwenye mada pekee. Na barua nzima ni pamoja na yale maandishi ya zamani yanayoburutwa chini ya kila jibu. Mwenzako akijibu "Sawa, kesho" juu ya barua ya muuzaji, neno ankara limo ndani, hata kama yeye hakuliandika.

Barua ya tatu kwenye majaribio yangu ipo kwa ajili hiyo tu. Ukiiandika upya kwa mkono haitakuwa na mkia wa nukuu, na kichujio kibovu kitapita. Ichukue kwenye mazungumzo halisi kwa njia ya Thunderbird, au bonyeza kujibu kweli ili nukuu ijitengeneze. Kisha jaribu vichujio viwili kwa barua hiyohiyo: kimoja chenye neno ankara kwenye `Has the words` peke yake, na kingine chenye mtumaji na mada. Cha kwanza kitaibeba. Cha pili kitaiacha, kwa sababu aliyeituma ni mwenzako. Hata mada ya "Re: Ankara" ingekubaliwa na sharti la mada, linaloilinda ni sharti la mtumaji.

Ukiona kichujio kimekamata barua ya ajabu na hujui ni sharti gani lililoifungulia mlango, usikae kuumiza kichwa. Weka sharti moja moja kwenye sehemu ya kutafutia pamoja na neno la ajabu la barua hiyo:

```
zqchui subject:ankara
zqchui has:attachment
```

Dakika mbili na utajua.

Barua ya sita, tangazo la punguzo, iliachwa kwa sababu mada yake haikuwa na neno ankara. Ni bahati tu. Muuzaji akiandika siku moja "Lipia ankara mapema upate punguzo" na kuambatisha PDF, itaingia kwenye lebo pamoja na nyingine. Sikuona njia ya kulizuia bila kuhatarisha ankara halisi, nikaliacha. Tangazo kwenye lebo ya ankara halimdhuru mtu.

Dalili: barua haionekani popote

Haimo kwenye kikasha, haimo kwenye lebo. Andika:

```
in:anywhere zqtwiga
```

Utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii kwenye taka wala kwenye tupio. `in:anywhere` unaingia kote. Kwa hiyo ikijitokeza kwa amri hii na haijitokezi bila `in:anywhere`, imo kwenye `Spam` au `Trash`. Ikijitokeza kwa zote mbili lakini haina lebo, imerukishwa kikasha na iko `All Mail` tu: kitendo cha kuruka kimewekwa, cha lebo kimesahauliwa. Isipojitokeza kabisa, haijafika, na kichujio hakihusiki.

Kwenye `Spam` huwa inaenda kwa sababu akaunti mpya imerushiwa barua sita fupi zinazofanana ndani ya dakika moja. Zipe maandishi ya kueleweka na uzitume kwa kuachana.

Kuhusu `Trash` nina msimamo mkali: wakati wa majaribio usitumie kitendo cha `Delete it` hata kama hatimaye ndicho unachokitaka. Tengeneza lebo iitwayo "ingefutwa" na uiache ishike nafasi. Barua iliyo kwenye tupio hufutwa kabisa baada ya siku 30, na kosa la kichujio linaweza kuchukua zaidi ya hapo kugunduliwa. Mwache huyo "ingefutwa" afanye kazi hata wiki za kwanza kwenye akaunti halisi.

Dalili: lebo imeonekana kwenye barua ambazo hazikustahili, zote zikiwa kundi moja

Kabla ya kulaumu masharti, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya `General`, uchague `Conversation view off` katika akaunti ya akiba. Gmail hukusanya barua zinazohusiana zenye mada moja kuwa mazungumzo, na lebo ya barua moja huonekana kwenye mstari wa mazungumzo yote. Mifano yako, ikiwa yote ina mada ya "Ankara", inaweza kushikamana na usijue nani amekamatwa. Ukizima, kila barua inasimama peke yake na lebo yake au bila lebo.

Ukimaliza iwashe tena na uangalie jambo moja la mwisho, hasa kama akaunti yako halisi inatumia mazungumzo: tuma barua inayokamatwa, kisha tuma jibu lisilokamatwa. Jibu litarudisha mazungumzo yote kwenye kikasha, pamoja na ile ankara iliyokuwa imeshawekwa pembeni. Si hitilafu, na hakuna cha kurekebisha. Afadhali uione hapa kuliko uishangae baadaye.

Dalili: kwenye akaunti ya akiba kilifaulu, kwenye halisi kimefeli

Hapa angalia namna ulivyokihamisha. Kama ulikiandika upya kwa mkono, huenda umekosea herufi. Gmail ina njia yake: kwenye mipangilio, `Filters and Blocked Addresses`, chagua vichujio, bonyeza `Export`, na utapata faili `mailFilters.xml`. Kwenye akaunti halisi unatumia `Import filters`.

Faili hiyo ni maandishi ya kawaida. Kabla ya kuiingiza ifungue kwa programu yoyote ya kuandikia na uisome. Mistari yake ni ya namna hii:

```
<apps:property name='from' value='mimi@example.net'/>
<apps:property name='subject' value='ankara'/>
<apps:property name='label' value='Ankara'/>
<apps:property name='shouldArchive' value='true'/>
```

Tazama mstari wa kwanza hapo. Ni ile anwani yangu niliyoiweka kwa muda ili kupima mlango, na nilisahau kurudisha za wauzaji. Kichujio kingeingia kwenye akaunti halisi kikiwa kinasubiri barua kutoka kwangu mwenyewe. Kosa hili ni la mara kwa mara kuliko mengine yote ya kuhamisha. Tafuta pia neno `shouldTrash`. Likiwemo, hakikisha uliliweka kwa makusudi.

Unapoingiza, Gmail huonyesha orodha ya vichujio vilivyomo na kukuuliza kama uvitumie pia kwa barua zilizopo. Usiweke alama. Na ujue kwamba kuingiza ni kuongeza. Ukirekebisha faili na kuiingiza mara ya pili, kichujio cha zamani kinabaki pembeni ya kipya, na vyote viwili vinafanya kazi. Futa cha kwanza kwa mkono.

Kama faili iko sawa, tofauti ni wenyeji wa akaunti halisi. Akaunti ya akiba ilikuwa tupu. Ya kweli ina vichujio vya miaka, na kwenye Gmail barua moja inaweza kuguswa na vichujio kadhaa kwa pamoja. Kilichoandikwa zamani kuhamisha kila kitu cha `example.org` bado kipo na bado kinatenda. Tafuta jina la muuzaji kwenye ukurasa wa vichujio. Kwa wanaotumia Outlook mambo ni tofauti: sheria zake zina mpangilio, hufuatwa kutoka juu kwenda chini, na `Stop processing more rules` kwenye sheria ya juu huzizima za chini yake kwa barua hiyo. Sheria mpya iliyofaulu ikiwa peke yake inaweza isifikiwe kamwe.

Halafu kuna vichujio visivyoonekana kwenye kivinjari kabisa, vile vilivyomo ndani ya Thunderbird au programu nyingine kwenye kompyuta ya ofisini. Hivyo hutenda pale tu programu hiyo inapokuwa wazi. Barua ikihama saa za kazi na kutulia usiku, mtuhumiwa ni huyo.

Kichujio cha kusambaza kina lake: anwani inayosambaziwa huthibitishwa ndani ya kila akaunti. Uthibitisho ulioufanya kwenye ya akiba haufuati faili.

Nikishaingiza, naondoa kitendo cha kuruka kikasha kwa wiki ya kwanza. Lebo inabandikwa, lakini barua inabaki mbele ya macho. Mwisho wa wiki nafanya utafutaji wa aina mbili:

```
label:ankara -from:(hesabu@example.com OR malipo@example.org)
from:(hesabu@example.com OR malipo@example.org) -label:ankara newer_than:7d
```

Wa kwanza unapaswa kurudi mtupu. Chochote kitakachotokea kimebebwa kimakosa. Wa pili unaleta barua za wauzaji ambazo kichujio kilizipita, nami nazisoma moja moja nikiuliza kama nilitaka zibaki. Wiki ya kwanza ulinipa mbili: kumbusho la malipo, ambalo nililitaka kikashani, na barua yenye mada "Ankra ya mwezi huu". Muuzaji alikuwa amekosea tahajia. Nikaongeza "ankra" kwenye mada, nikasubiri wiki nyingine, kisha nikarudisha alama kwenye `Skip the Inbox`.